Kutoka kwenye pini hadi kwenye pateni

Mtu akikuambia nguo yake ilikaa vizuri sana siku ya kujaribu lakini ikaharibika iliposhonwa upya, mara nyingi kosa halikufanyika mwilini wala kwenye cherehani. Lilifanyika kati ya hapo, pale pini zilipotolewa na namba zikaandikwa kwenye kipande cha karatasi. Ndiyo sehemu ya kazi isiyoonekana, na mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu inataka utulivu badala ya kipaji.

Nitachukua nguo moja tu: blauzi ya kitambaa kisichonyumbuka, yenye mkono wa kushonea kwenye tundu lake, dati mbele na kiunoni nyuma, yaani mikunjo iliyoshonwa ikipungua hadi ncha ili kufuata umbo la mwili, na mshono katikati ya mgongo. Nguo ya majaribio imeshonwa kwa marekani, yaani kitambaa rahisi cha pamba, kabla ya kugusa kitambaa halisi. Mwanamitindo aliyesimama mbele yangu ana mabega yanayoteremka kuliko pateni, yaani kiolezo cha karatasi cha kukatia nguo, ilivyodhani. Tatizo hili ni la kawaida kabisa. Ukilifuatilia mpaka mwisho, utaona karibu kila mtego uliomo katika kazi hii.

Marekani huchorwa kabla ya kushonwa. Kila kipande nakichora kwa penseli mstari wa mwelekeo wa uzi, mstari wa katikati, na mistari ya usawa ya kifua, kiuno na nyonga. Mshono wenyewe pia nauchora, nikiacha ziada ya sentimita 2 au zaidi pembeni yake ili nipate kitambaa cha kuongeza pakihitajika. Mistari hii ndiyo itakayosema ukweli baadaye. Mstari wa kifua ukining'inia kuelekea ubavuni, najua kuna kitambaa kilichozidi juu yake au kilichopungua mahali fulani. Marekani isiyo na mistari inakuonyesha kwamba kuna kasoro, ila haikuonyeshi imetoka wapi.

Mwanamitindo naye anahitaji kutayarishwa. Napima upya kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mgongo siku ileile, maana mwili haukai vilevile, na vipimo vya mwezi uliopita si vya leo. Namwomba avae sidiria na viatu atakavyovaa na nguo yenyewe, na urefu wa kisigino nauandika. Kisigino kinabadilisha mkao wa nyonga na mgongo, hivyo pindo lililonyooka juu ya viatu bapa laweza kupanda mbele au nyuma akibadilisha viatu. Nywele ndefu zinafungwa juu, kwa kuwa shingo ya nguo haiwezi kusomwa chini ya nywele. Kisha namweleza nitakachogusa kabla ya kukigusa. Mtu asiyejua mkono wako unaelekea wapi hukaza mabega, na bega lililokazwa haliteremki.

Nguo ikishavaliwa, na katikati ya mbele ikafungwa kwa pini mstari juu ya mstari, sigusi kitu. Namwacha atembee kidogo, ainue mikono, aishushe, arudi kusimama. Kisha napiga picha nne: mbele, nyuma na ubavu wa kila upande, kamera ikiwa kwenye kimo kilekile kila mara. Picha hizi za kabla ya pini ndizo watu wanaozisahau zaidi. Ukishaweka pini ya kwanza, hali ya mwanzo imekwisha kufutika, na kesho mezani hutaweza kukumbuka mkunjo ulianzia wapi.

Jambo moja la kumwomba mwanamitindo tena na tena ni asitazame chini. Kila mtu anataka kuona fundi anafanya nini. Lakini kichwa kikiinama, mgongo unarefuka na mbele inafupika, na utajikuta unafinya mbele kitambaa ambacho akinyanyua kichwa kitahitajika. Mimi huweka kioo mbele yake na kumwambia, "Dada, niangalie humo ndani, tutaonana." Inasaidia kuliko kumkumbusha kila dakika.

Sasa mikunjo. Kwenye blauzi hii inaanza karibu na shingo na kuteremka kwa mshazari kuelekea kwapani, mbele na nyuma, pande zote mbili. Ya mgongoni ni mirefu na mizito kuliko ya mbele. Sababu yake ni hii: pateni ina bega lililonyooka, mwili una bega linaloteremka. Kitambaa kilicho kwenye ncha ya bega hakina kitu cha kukishikilia chini yake, kinaanguka, kinajikusanya karibu na kwapa. Karibu na shingo nguo imekaa sawa, na ndiyo maana mikunjo yote inaanzia pale. Jaribio la haraka ni kushika mshono wa bega kwenye ncha yake kwa vidole viwili na kuuinua kidogo. Mikunjo ikifutika papo hapo, umepata chanzo. Isipofutika, ondoa mkono uangalie kwingine kabla ya kuweka pini hata moja.

Naanza na bega daima, hata kama mwanamitindo analalamikia kiuno. Blauzi yote inaning'inia kutoka shingoni na mabegani, na ukirekebisha juu, nusu ya matatizo ya chini huondoka yenyewe. Ukianzia kiunoni utakuwa unarekebisha athari ya bega, na ukishalirekebisha bega itakubidi ufumue ya kiuno.

Nafinya kitambaa kilichozidi kwenye ncha ya bega na kuweka pini kando ya mshono, zikipungua hadi kufika sifuri shingoni. Nafanya hivyo mabega yote mawili. Baadhi ya mafundi hufinya upande mmoja tu, kwa hoja kwamba pateni itakunjwa katikati hata hivyo. Nawaelewa, lakini nguo iliyofinywa upande mmoja inavutwa nzima kuelekea upande huo, mstari wa katikati unahama, na kipimo unachosoma ni cha nguo iliyopinda. Nafinya pande zote, ndipo naandika upande mmoja, baada ya kuhakikisha kwamba mwingine haujatofautiana nao. Mabega ya binadamu hayalingani kikamilifu. Kama nguo ni ya mtu huyu peke yake, basi kila bega linapata rekodi yake. Kama pateni itatumika kwa watu wengi, natafuta wastani wa yote mawili na kuandika kwamba nimefanya hivyo.

Pini zikishakaa, nasogea nyuma hatua kadhaa. Mikunjo imekwisha, na mstari wa kifua umenyooka ukienda sambamba na sakafu. Ila nguo imepanda kwapani, na hilo macho hayalioni vizuri. Linajulikana kwa kuuliza, na swali lenyewe liwe mahususi. Ukiuliza, "Iko sawa?" utajibiwa iko sawa. Mimi nauliza, "Ukiinua mkono mbele kama unashika mlango, wapi panakugusa kwanza?" Mwanamitindo mzoefu atakuonyesha kwa kidole. Huyu alisema, "Hapa chini ya kwapa, fundi, tena kwa nyuma zaidi." Sentensi hiyo niliiandika neno kwa neno, na itarudi kutusaidia mezani.

Kabla pini haijatoka, kuna uandishi. Nafanya kazi hii na msaidizi anayeandika huku mimi nikisoma kwa sauti, kwa sababu mkono unaoshika pini hauwezi kushika kalamu pia. Kila rekebisho linapata herufi kwa mpangilio lilivyofanyika: bega ni A, linalofuata ni B. Mpangilio una maana, kwani B ilipimwa juu ya nguo ambayo tayari ina A. Ukihamisha B kwenye pateni huku A umeiacha, B si kweli tena.

Hapa tunafika kwenye kiini cha jambo. Pini iliyofinya kitambaa ina habari tatu ndani yake: ni kiasi gani kimeondolewa, kimeondolewa kutoka kipande gani, na kinaanzia na kuishia wapi. Namba moja kwenye karatasi hubeba habari ya kwanza tu. Ukiandika "bega, mm 14", anayechora pateni atafanya moja kati ya mambo mawili. Ataondoa milimita 14 mbele na 14 nyuma, jumla 28, na bega litateremka kupita kiasi kwenye ncha. Au atagawa sawasawa, 7 na 7. Vyote viwili ni makosa hapa, kwa sababu mikunjo ya mgongoni ilikuwa mizito zaidi na nilifinya zaidi nyuma.

Kwa hiyo siandiki namba kwanza. Nachora. Kwa penseli nyekundu napitisha mstari pale pini zinapoingia kitambaani, upande wa mbele, kisha napitisha mwingine upande wa nyuma, nguo ikiwa bado mwilini. Kila mwanzo na kila mwisho naweka msalaba mdogo. Mshono wa zamani ni penseli ya bluu, uliochorwa tangu mwanzo. Nafasi kati ya bluu na nyekundu kila upande ndiyo kipimo cha kweli, na kinasomeka hata mwezi ujao, hata na mtu ambaye hakuwepo. Ncha ya kifua nayo naiweka alama upya hapohapo, maana bega likiinuliwa nayo huweza kuhama kidogo, na dati lazima lielekee ilipo sasa. Kisha ndipo napiga picha nne za pili, pini zikiwa bado mahali pake.

Upande wa pili wa tahadhari ni ufinyaji usio kwenye mshono, ulio katikati ya kipande. Blauzi hii ina kitambaa kinachojikunja juu ya kiuno mgongoni, kwa kuwa mgongo wa mwanamitindo unaingia ndani sana pale. Nafinya mkunjo wa kulala unaoanzia kwenye mshono wa katikati na kupungua hadi sifuri ubavuni. Ukipima kutoka ukingo wa mkunjo hadi kwenye pini unapata milimita 6. Lakini kitambaa kilichofichwa ni tabaka mbili, yaani milimita 12. Kwenye karatasi ya rekodi lazima kila kipimo kiandikwe ni cha mkunjo au ni jumla. Mimi naandika jumla tu, siku zote, na neno "jumla" naliandika pembeni yake hata pale linapoonekana halina haja.

Pale nguo inapobana hakuna cha kufinya. Unafumua mshono, unaacha kitambaa kijitanue chenyewe, unashikiza kipande cha marekani chini ya pengo, unachora kingo zote mbili za pengo juu yake. Usikisie upana. Kitambaa kilichobana kikifunguliwa hujitanua kadiri mwili unavyohitaji, na umbo la pengo hilo, mara nyingi pana katikati na jembamba nchani, ni habari ambayo namba peke yake haiwezi kubeba.

Ni rahisi pia kufinya kupita kiasi. Mtu aliyesimama wima, mikono chini, anaweza kuvaa nguo inayombana kama ngozi na ikaonekana nzuri. Kwa hiyo kabla ya kumvua namwomba akae kwenye kiti, ajikunje kufunga kiatu, avute pumzi ndefu. Blauzi ya kitambaa kisichonyumbuka, ikiwa ya kukaa karibu na mwili, kwa kawaida inahitaji sentimita 5 hadi 10 za nafasi kuzunguka kifua zaidi ya kipimo cha mwili. Kama baada ya pini zangu zimebaki 3, nimeifinya nafasi ya kupumua, na pini zinatoka.

Mezani, kwanza nafumua mishono yote na kupiga pasi ya vuguvugu bila mvuke. Mvuke unaweza kuivuta au kuisinyaza marekani, na tukishafika hapo vipimo ni vya kitambaa kingine. Naiweka pasi na kuinua, bila kuiburuta. Kisha jambo ambalo wengi hawalifanyi: napima mshono wa bluu na kuulinganisha na pateni kabla ya kuamini nyekundu. Bega la mbele kwenye pateni ni sentimita 12.5. Kwenye marekani nasoma 12.8. Hizo milimita 3 si rekebisho. Bega limekatwa kwa mshazari wa uzi, na mshazari hunyumbuka mtu akivaa na kuvua. Nikinakili ukingo wa kitambaa kama ulivyo, nitakuwa nimeingiza mnyumbuko kwenye pateni, na nguo inayofuata itakuwa na bega refu bila mtu yeyote kujua limerefushwa lini.

Ndiyo sababu sinakili kingo. Natengeneza nakala ya pateni bila ziada ya mshono, na ya mwanzo inabaki kama ilivyo, namba na tarehe yake juu. Kipande cha marekani nakilaza juu ya nakala nikilinganisha mstari wa uzi na mstari wa usawa wa kifua. Kingo zikiachana kidogo, ziachane. Kinachohama ni umbali kati ya bluu na nyekundu, ukipimwa kuanzia mshono wa pateni: kwenye ncha ya bega mbele milimita 5, nyuma milimita 9, shingoni sifuri pande zote. Natoboa kwa pini kwenye misalaba, naondoa kitambaa, naunganisha vitobo kwa rula. Bega jipya la mbele nalipima tena, linabaki 12.5. La nyuma ni 13, lile la zamani lilivyokuwa, kwa kuwa milimita 5 za ziada hukusanywa kidogo kidogo wakati wa kushona ili kufuata mviringo wa mgongo.

Wengi huishia hapa, na hapa ndipo nguo nzuri inapoharibika. Kila ukingo una mwenzake. Ncha ya bega ikishuka, tundu la mkono limefupika: mbele milimita 5, nyuma 9, jumla 14. Tundu lilikuwa na mzunguko wa sentimita 44, sasa lina 42.6. Kichwa cha mkono, yaani ukingo wake wa juu unaoshonewa kwenye tundu, kina sentimita 46.5, kwa hiyo ulegevu wake umeongezeka kutoka sentimita 2.5 hadi 3.9. Mkono huo utajikusanya juu utadhani uliwekwa marinda kwa makusudi, na fundi wa cherehani atalaumiwa bure.

Dawa iko kwenye maneno ya mwanamitindo: panamgusa chini ya kwapa. Tundu limepanda pamoja na bega, lazima lirudishwe chini. Mbele na nyuma zinakutana kwenye mshono wa ubavu, hivyo haziwezi kushuka tofauti, la sivyo ubavu mmoja utakuwa mrefu kuliko mwenzake. Nashusha zote milimita 7 na kuchora upya mviringo wa kila upande kwa rula ya kupinda. Kisha napima kwa futi iliyosimamishwa juu ya ukingo wake, kwa kuwa futi iliyolazwa hudanganya kwenye mviringo. Kushusha 7 kila upande kunarudisha takribani 14, na mzunguko unakuwa tena karibu na 44. Zikikosekana milimita moja au mbili naurekebisha mviringo kidogo hadi zitimie.

Ila mgawanyo umebadilika. Mbele ilipoteza 5 ikarudishiwa 7, imerefuka kwa 2. Nyuma ilipoteza 9 ikarudishiwa 7, imefupika kwa 2. Mzunguko ni uleule, lakini alama ya bega kwenye kichwa cha mkono haiko tena mahali pake. Naihamisha milimita 2 kuelekea nyuma, kisha natembeza kichwa cha mkono juu ya tundu, ukingo juu ya ukingo, kuanzia kwapani kwenda juu, na kuweka upya alama za kukutanisha za mbele na za nyuma. Milimita 2 hazionekani kwa macho. Zikiachwa, mkono utajizungusha kidogo na mtu atahisi kitu kinamvuta bila kujua ni nini.

Rekebisho B, la mgongo, linahamishwa kwa njia nyingine, kwa sababu halina mshono wa kulipokea. Nachora kwenye nakala mstari wa mkunjo ulipopita, nakata kutoka katikati ya mgongo hadi karibu kabisa na ubavu, naacha karatasi ishikane pale kama bawaba, napandisha kipande kimoja juu ya kingine milimita 12 kwenye mstari wa katikati. Urefu wa ubavu haubadiliki. Mstari wa katikati sasa umevunjika na una kona, nauchora upya ukipita kwa ulaini. Dati la kiuno limekatika, nalo linachorwa upya. Mstari wa uzi naufuata ule wa sehemu ya juu, nikiuendeleza hadi chini. Blauzi hii inakubali kwa kuwa ina mshono katikati ya mgongo. Kama kipande kingekuwa cha kukatwa kwenye mkunjo wa kitambaa, mstari uliopinda usingewezekana, na ningelazimika kuchagua kati ya kuongeza mshono na kuacha sehemu ya mkunjo ule ibaki. Huo ni uamuzi wa mbunifu. Mimi nauandika kwenye karatasi kama swali, siujibu kimyakimya.

Mwisho naunganisha vipande vya karatasi kama vitakavyoshonwa. Bega la mbele kwa la nyuma, naangalia shingo inapita bila kona, na tundu la mkono vilevile kwenye ncha ya bega. Bega lililobadilishwa mteremko karibu daima linaacha kijipembe hapo, nacho nakilainisha kwa milimita moja au mbili kabla ya kuongeza ziada ya mshono. Juu ya pateni mpya naandika namba ya toleo, tarehe, herufi A na B, na toleo lililotangulia. Halafu nakata marekani ya pili na kumwita mwanamitindo yuleyule, na viatu vilevile, nikiwa na picha nne za mwanzo mkononi.